Kinyago Hakimtishi Aliyekichonga

Miongoni mwa watu wanaojiandaa kwa mjadala, kuanzia wanafunzi wa sekondari wanaogawanywa upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga hadi wasomi wanaoalikwa kwenye makongamano, umeenea mtazamo kwamba kujiandaa ni kukusanya. Aliyelimbikiza hoja nyingi za upande wake, takwimu nyingi na mifano mingi ndiye anayehesabiwa kuwa yu tayari, na anayetumia usiku wake kuzijenga hoja za upande wa pili, tena kuzijenga vizuri kuliko wenyewe wanavyozijenga, huonekana kama mtu anayemnolea adui panga. Mtazamo huo una wafuasi wengi na una sababu zake, lakini si sahihi, na kosa lake haliko katika adabu ya mjadala, kama wengi wanavyodhani, bali katika namna mtu anavyoweza kujua iwapo anachokiamini kinasimama au kimeegemezwa tu.

Mkusanyaji wa hoja hajiandai bila mpinzani. Hata anapodhani yuko peke yake na vitabu vyake, kichwani mwake yumo mtu anayebishana naye, na mtu huyo amemuumba mwenyewe: ni mjinga kidogo, ana maslahi yake yaliyofichika, na husema yale tu ambayo majibu yake yamekwisha kupatikana. Waswahili husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa majivuno, kumkumbusha aliyetengenezwa kwamba fundi wake anamjua. Katika matayarisho ya mjadala ni onyo. Msimamo uliopimwa kwa kinyago tu haujapimwa, kwa sababu hakuna fundi anayechonga kinyago chenye meno ya kumng'ata yeye.

Dawa ya kinyago ina sehemu mbili ambazo hazitenganishwi bila hasara. Ya kwanza ni kuimarisha hoja pinzani, yaani kuuchukua mtazamo usiokubaliana nao, kuuondolea maneno dhaifu ambayo watetezi wake wa mitaani huutetea kwayo, kuupa ushahidi bora unaopatikana, na kuuandika mpaka mwenye kuuamini akiusoma akubali kwamba hivyo ndivyo alivyotaka kusema. Ya pili ni maswali ya kudadisi, ambayo mwenye msimamo huyaelekeza kwenye msimamo wake mwenyewe, si kwa ajili ya kupata taarifa asiyokuwa nayo, bali kutafuta ni nguzo ipi hasa inayoubeba, na nguzo hiyo ikitikiswa kitabaki nini.

Haki inataka mtazamo unaopingwa hapa nao upewe sura yake bora, na sura hiyo haitoki kwa wapiga domo. Inatoka kwa Imamu Ahmad ibn Hanbal, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, aliyemlaumu Harith al-Muhasibi kwa kitabu alichokiandika kuwajibu Muutazila. Lawama yenyewe haikuwa kwamba Harith alijibu vibaya. Ilikuwa kwamba alianza kwa kuzieleza shaka za wapinzani kisha akazijibu, na hakuna anayeweza kumdhamini msomaji: pengine ataielewa shaka na kunaswa nayo, na jibu asilitazame, au alitazame asilifahamu. Hoja hii ni nzito. Inatambua kwamba hoja iliyoimarishwa ina uhai wake, hutembea peke yake, na haimsubiri aliyeijenga aje na jibu. Mtu anayesema kwamba kumjengea mpinzani hoja ni kumpa silaha anasema, bila kujua, jambo ambalo mmoja wa maimamu wanne wa madhehebu alikwisha kulisema kwa ufasaha zaidi.

Aliyeihifadhi habari hiyo ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kueleza safari yake ya kielimu, Al-Munqidh min al-Dhalal, na aliihifadhi kwa sababu yeye mwenyewe alilaumiwa vivyo hivyo. Alikuwa amezipanga hoja za Batiniyya, kundi lililodai kwamba ukweli haupatikani ila kwa imamu asiyekosea, akazipanga vizuri kiasi kwamba baadhi ya watu wa upande wake walimwambia amewafanyia wapinzani kazi ambayo wao wenyewe wasingeiweza. Jibu lake halikumkana Ibn Hanbal. Alisema kwamba lawama ile ni sahihi kwa shaka ambayo haijaenea, na kwamba shaka ikishaenea hapana budi ijibiwe, nayo haijibiki kabla ya kuelezwa. Ghazali huyohuyo, kabla ya kuandika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, anasimulia kwamba alitumia muda usiotimia miaka miwili kuzisoma elimu zao peke yake katika saa alizozipora kwenye kazi ya kufundisha na kuandika, kisha karibu mwaka mmoja mwingine kuyarudiarudia na kuyachimba aliyoyasoma, kwa kuwa aliamini kwamba hakuna anayeijua kasoro ya elimu fulani mpaka amfikie mjuzi wake mkubwa na kumzidi.

Kitabu chake cha kueleza mafundisho ya wanafalsafa, Maqasid al-Falasifa, kilitafsiriwa kwa Kilatini, na wasomaji wengi wa Ulaya ambao hawakuwa na dibaji yake walimdhania kuwa ni mmoja wa wanafalsafa haohao. Tukio hilo linathibitisha mambo mawili kwa pamoja, na pande zote mbili za malumbano haya zina haki ya kulishika. Linathibitisha kwamba hofu ya Ibn Hanbal ilikuwa ya kweli, kwani hoja iliyoimarishwa iliponyoka mkononi mwa mwenyewe na kusomwa bila dibaji. Linathibitisha pia kwamba kazi ilifanywa sawasawa, kwa sababu kipimo cha kuimarisha hoja pinzani ni kwamba anayeisoma asiweze kutambua kuwa iliandikwa na asiyeiamini.

Tofauti inayosahaulika na wanaozungumzia silaha ni tofauti kati ya kutangaza na kujiandaa. Lawama ya Ibn Hanbal inahusu kitabu kinachokwenda kwa watu. Haihusu karatasi inayobaki mezani kwa mwenyewe siku tatu kabla ya kongamano, ambayo msomaji wake pekee ni yule anayetaka kujua kama ana haki ya kusema atakachosema. Mpinzani hapewi silaha yoyote na karatasi hiyo. Silaha anazo tayari. Kinachobadilika ni iwapo mwenzake atakuwa amewahi kuziona.

Jambo hili huonekana wazi zaidi likifuatwa katika mzozo mmoja halisi, na hakuna mzozo unaofaa kuliko ule wa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, ambao umedumu kwa miongo kadhaa na ambao pande zake mbili zimezoea kupigana na vinyago. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kuanzia Kidato cha Kwanza mwaka 1985, na Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na shule za sekondari zikaendelea na Kiingereza. Mtetezi wa Kiswahili anayejiandaa kwa mjadala huu ana kinyago kilichokwisha kuchongwa na waliomtangulia, na jina lake ni kasumba. Anayetaka Kiingereza, kwa mujibu wa kinyago hicho, ni mtu aliyetekwa na ukoloni, anayeona aibu lugha yake, na mjadala naye hauhitaji ila kumzindua.

Kinyago hicho huanguka kwa jina moja. Mwalimu Nyerere, aliyezitafsiri tamthilia mbili za Shekspia kwa Kiswahili na aliyekitumia Kiswahili kujenga taifa, ndiye pia aliyekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia na kutaka kisiachwe mashuleni. Kama kasumba inamweleza Nyerere, basi neno hilo limepoteza maana. Na kama haimwelezi, basi ipo sababu nyingine ya kutaka Kiingereza ambayo mtetezi hajaitafuta. Kuitafuta ndiko kuimarisha.

Hoja ya Kiingereza iliyoimarishwa haianzi na heshima ya lugha wala na utandawazi, neno ambalo limetumika mpaka limekwisha makali. Inaanza na mzazi. Tangu miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi za mchepuo wa Kiingereza, ambazo mitaani huitwa ingilishi midiamu, zimekuwapo na zimeongezeka, na mwenye uwezo humpeleka mwanawe huko bila kuomba ruhusa ya mtu. Ajira nyingi zenye mshahara mzuri huombwa kwa Kiingereza, na usaili wake hufanywa kwa Kiingereza. Sasa shule ya serikali ikihamia kwenye Kiswahili mpaka Kidato cha Nne, mtoto wa mwenye uwezo atabaki na Kiingereza chake, na mtoto wa mkulima atapoteza njia pekee, hata ikiwa ni njia mbovu yenye mashimo, iliyokuwa ikimfikisha karibu na lugha hiyo. Mageuzi yanayofanywa kwa jina la wanyonge yatakuwa yamewafungia wanyonge mlango. Mzazi anayekataa mageuzi hayo hajatekwa na mtu yeyote. Amepiga hesabu, na hesabu yake inaanza na ada ya shule na kuishia kwenye chumba cha usaili.

Hoja hiyo ikiandikwa hivyo, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba majibu mengi yaliyokusanywa na mtetezi wa Kiswahili hayaigusi. Kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha za sayansi, kwamba Wajapani na Wakorea wanasoma kwa lugha zao, kwamba lugha ni utamaduni, yote yanaweza kuwa kweli na mzazi yule akabaki palepale, kwa sababu hakusema Kiswahili hakiwezi. Alisema mageuzi yatamkuta mwanawe upande usiofaa wa ukuta. Jibu linalomgusa ni moja tu: kwamba njia anayoitetea haimfikishi mwanawe anakodhani. Na hapo ushahidi upo. Ripoti ya Kriper na Dodi ya mwaka 1984, iliyoandikwa na wataalamu wa Kiingereza, ilikuta kwamba wanafunzi wachache mno wa sekondari walikuwa na kiwango cha Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba wataalamu haohao walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia. Anayeijua hali ya darasa anajua yanayofuata: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, anaandika ubaoni kwa Kiingereza kwa sababu mtihani utakuwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayanakili yaliyo ubaoni na kuyakariri, kwa hiyo anatoka darasani akiwa ameelewa kwa lugha moja asichoweza kukiandika kwa nyingine.

Kazi ya kuimarisha imekwisha kuleta mabadiliko hapo. Msimamo uliokuwa ukisema Kiswahili kianze, basi, sasa unalazimika kusema kwamba Kiswahili kianze pamoja na Kiingereza kufundishwa kama somo na walimu wanaokimudu, na unalazimika kutamka waziwazi kama shule za binafsi nazo zitahusika au hazitahusika. Sharti la mwisho ni zito na lina maadui wengi, na mtetezi aliyekuwa akilikwepa hakulikwepa kwa hila. Hakuwahi kuliona, kwa kuwa kinyago hakina watoto wa kusomesha.

Baada ya kuimarisha, msimamo huo mpya ndio unaofaa kuulizwa maswali. Kuuliza mapema ni kupoteza nguvu kwa kupima nyumba ambayo bado haijamaliziwa. Swali la kwanza ni la kanuni: je, kanuni inayoubeba msimamo huu itakubaliwa na mwenyewe ikipelekwa mahali ambapo haimpendezi? Watetezi wa Kiswahili husema mtoto hujifunza vizuri kwa lugha ya mama. Kanuni hiyo ikipelekwa kwenye kijiji cha Usukuma au boma la Wamasai, mtoto anayeingia darasa la kwanza atadai Kisukuma au Kimaasai, na Kiswahili kitakuwa kwake kile ambacho Kiingereza ni kwa mtoto wa Dar es Salaam. Wachache kati ya watetezi wako tayari kwenda huko. Basi kanuni waliyoitaja siyo waliyoitumia. Wakijidadisi watakuta kwamba walichokimaanisha ni lugha ambayo mwanafunzi anaimudu anapofika ngazi hiyo, na kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyesoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Kanuni imepungua ukubwa, na imepata nguvu, kwa kuwa sasa haiwezi kugeuzwa na mpinzani yeyote mwenye kujua Kisukuma.

Swali la pili linahusu sababu na matokeo: kama lugha ndiyo kisa cha kushindwa, ni nini kingeonekana mahali ambapo lugha si tatizo? Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na tathmini za Uwezo zilizofanywa Tanzania zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa hiyo lugha inayoeleweka haitoshi peke yake kumfanya mtoto asome. Msongamano wa wanafunzi, uhaba wa vitabu na mwalimu asiyeingia darasani vina sehemu yao. Mtetezi anayelijibu swali hili kwa uaminifu atalazimika kuliacha dai kwamba Kiswahili kitainua ufaulu, na kubaki na dai dogo zaidi, kwamba Kiingereza kinaweka kizuizi cha ziada juu ya vizuizi vingine na kwamba kukiondoa hakutaviondoa vile vingine. Dai hilo halitapigiwa makofi mengi ukumbini. Lakini ni dai ambalo mpinzani hataweza kulipindua kwa kusoma matokeo ya darasa la saba.

Hata neno moja linaweza kudadisiwa. Mpinzani anaweza kusema kwamba usanisinuru si neno rahisi kuliko lile la Kiingereza, na kwamba mtoto wa Kidato cha Pili hukutana nayo yote mawili kama mageni. Mtetezi wa kawaida hukasirika na kutaja kamusi. Anayejidadisi anakubali nusu: sanisi kwa mtoto ni geni kweli, lakini nuru si geni, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mmea unatengeneza chakula kwa mwanga tayari ameshika nusu ya neno kabla ya kulikariri. Ushindi huo ni wa nusu neno, na mtu aliyejiandaa vizuri hataukuza uwe wa neno zima.

Liko kosa linalowapata wanaoipenda sana mbinu hii, nalo linapaswa kusemwa kwa sababu linawapa nguvu wanaoipinga. Hoja inaweza kuimarishwa mpaka ikaacha kuwa ya mpinzani. Mzazi aliyechorwa hapo juu amepiga hesabu za ajira na usawa, lakini mzazi atakayesimama ukumbini huenda akasema tu kwamba mtoto wa jirani anaongea Kiingereza na wake haongei, na kwamba hilo linamuumiza. Kumjibu mzazi wa karatasini wakati wa ukumbini amesema jambo jingine ni kuchonga kinyago cha aina nyingine, kilichovaa suti. Hoja iliyoimarishwa kwa hiyo huingia kwenye mjadala kama swali: je, unachosema ni kwamba mageuzi yatamwacha mtoto wako nyuma ya mtoto wa jirani? Akikubali, mazungumzo yamefika mahali pazuri. Akikataa, amemwonyesha mwenzake kitu ambacho usiku wote wa matayarisho haukukifikia.

Namna ya kutambua kwamba kazi haikufanywa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Hoja pinzani iliyoandikwa ikiwa na sifa za mpinzani badala ya sababu zake, ikiishia kwenye sentensi ambayo jibu lake lilikuwa tayari kabla haijaandikwa, au ikiwa msimamo wa mwandishi umetoka upande wa pili bila neno hata moja kubadilika, basi kilichofanyika ni mazoezi ya kujipongeza. Msimamo unaweza kubaki baada ya kupimwa. Mara nyingi hubaki. Lakini karibu kila mara hubaki ukiwa mfupi kuliko ulivyoingia, na mwenye kuupima hujua ni wapi umekatwa.

Mtetezi wa Kiswahili aliyepitia yote haya atafika kwenye kongamano akiwa na karatasi pungufu kuliko wenzake. Lugha ya mama haimo, Wajapani hawamo, kasumba haimo. Limo dai kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anafundishwa kwa lugha asiyoimudu, limo sharti la somo la Kiingereza lenye walimu, na limo swali la shule za binafsi ambalo bado hana jibu lake, ameliandika chini kabisa, na analisubiri kutoka kwa mtu wa upande wa pili.